Usajili Usifichwe Kwenye Vimistari Vitatu

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita jamaa ninayekaa naye geto alikaribia kukosa mtihani, na sababu haikuwa ada. Ada alilipa mapema, risiti anayo, na meseji ya muamala ipo mpaka leo kwenye simu yake. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba ukishalipa umeshasajiliwa. Kwenye mfumo wa chuo usajili wa kozi ni hatua nyingine kabisa: lazima uingie, uchague kozi moja moja, kisha uthibitishe. Kila akifungua mfumo kwenye simu alikuta picha ya mahafali, tangazo la mwaka juzi na salamu za karibu. Neno "usajili" hakuliona popote.

Siku ya mwisho, saa tisa mchana, tulikimbilia steshenari ya jirani na chuo. Dada wa pale alichukua simu, akagusa vimistari vitatu juu kabisa kwenye kona, ikafunguka orodha. Akashuka mpaka "Taaluma", akagusa, ikafunguka orodha nyingine, na ndani yake usajili ukaonekana. "Buku," akasema. Nyuma yetu walikuwa wamepanga foleni wengine saba, wote na simu janja mkononi, wote na bando, wote wamekuja kulipa shilingi elfu moja ili mtu awagusie mahali palipofichwa.

Simlaumu dada wa steshenari, anatafuta riziki yake. Lakini mimi nasoma kompyuta, na nilirudi geto nikiwaza jambo moja: mfumo unaolazimisha watu wazima, wasomi, kulipa fundi wa kufungua menyu haujavunjika mahali pengine popote isipokuwa kwenye menyu. Na wengi wetu tunaosoma fani hii, hapa Mbeya na kwa wenzetu wa Iringa, tunajenga miradi ya mwaka wa mwisho yenye ugonjwa uleule. Ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kwenye kioo kidogo kuna njia kuu mbili za kumwonyesha mtu sehemu za programu. Ya kwanza ni droo: orodha inayojificha pembeni mpaka uguse vile vimistari vitatu. Ya pili ni mkanda wa vitufe vitatu hadi vitano unaokaa chini ya kioo muda wote, kila kitufe na aikoni na jina lake. Droo inabeba vitu vingi na haichukui nafasi. Mkanda unabeba vichache na unakula nafasi, ila vyote vinaonekana bila kugusa chochote.

Vimistari vitatu si uvumbuzi wa simu. Vilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981, vikawa alama ya kusema "hapa kuna orodha". Simu janja zilipoenea viliibuliwa tena, kwa sababu kioo kilikuwa kidogo na watengenezaji walikuwa na mengi ya kuweka. Facebook nayo ilitumia droo kwenye programu yake ya iPhone, kisha mwaka 2013 ikaiacha na kuweka mkanda chini. Google, waliokuwa wakiipigia debe droo kwenye Android, mwaka 2016 waliongeza mkanda wa chini kwenye mwongozo wao wa usanifu. Na mwaka 2024 WhatsApp ya Android ilihamisha vitufe vyake kutoka juu kwenda chini. Wengi wetu tuliamka tukakuta mabadiliko hayo, tukalalamika siku mbili, leo hakuna anayekumbuka kwamba zamani vilikuwa juu.

Kwa nini wote hao walishuka chini? Sababu ya kwanza ni kidole gumba. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober alihesabu watu 1,333 waliokuwa wakitumia simu hadharani, akakuta 49% ya waliokuwa wakigusa kioo au vitufe wameshika kwa mkono mmoja. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha. Simama kwenye daladala ya Mwanjelwa kwenda Uyole, mkono mmoja umeng'ang'ania bomba, mwingine una simu. Au tembea Gangilonga mwezi wa saba asubuhi, baridi ya Iringa ile, uone kama kuna mtu anatoa mikono yote miwili mfukoni. Ukishika hivyo, gumba linafika kirahisi sehemu ya chini na ya kati ya kioo. Kona ya juu kushoto, ambako vimistari vitatu hukaa, ndiyo mbali kuliko zote kwa anayetumia mkono wa kulia. Lazima usogeze simu kiganjani, na hapo ndipo simu hudondoka.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: kisichoonekana hakitafutwi. Mwaka 2016 kampuni ya utafiti ya Nielsen Norman Group ilitoa matokeo ya majaribio yake kuhusu menyu zilizofichwa. Kuficha menyu kuu kulipunguza karibu kwa nusu uwezekano wa watu kugundua vilivyomo. Angalia vizuri hapo. Tatizo halikuwa kwamba watu hawajui kugusa vimistari vitatu. Yule jamaa yangu anavijua, anavigusa kila siku kwenye programu nyingine. Tatizo ni kwamba hakuwa na sababu ya kuvigusa. Ili ufungue droo kutafuta usajili, lazima kwanza ujue kwamba kuna kitu kinaitwa usajili kinachokusubiri. Droo inamhudumia anayejua anachotafuta. Asiyejua, inamnyamazia.

Sasa tufanye kazi yenyewe, maana maoni bila mfano ni kelele tu. Nilichukua karatasi nikaandika kila kitu kilichokuwa kwenye droo ya mfumo ule. Vilikuwa 17: kuanzia matokeo, ratiba na malipo, mpaka malazi, kubadili nywila, tathmini ya wahadhiri, maombi ya barua na kiungo cha maktaba. Kila kitengo cha chuo kilikuwa na mstari wake, na mistari yote ilikuwa na ukubwa mmoja, kana kwamba kubadili picha ya wasifu na kusajili kozi ni mambo ya uzito mmoja. Hapo nikagundua droo inapendwa kwa sababu gani hasa. Haina mwisho, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuchagua. Kitengo kikija na ombi, unaongeza mstari, kila mtu anaridhika isipokuwa mwanafunzi.

Mkanda wa chini unakataa mchezo huo kwa hesabu rahisi. Simu nyingi za bei nafuu tunazotumia zina kioo ambacho kwa vipimo vya Android kina upana wa dp 360. Ukiweka vitufe vitano, kila kimoja kinapata dp 72. Mwongozo wa Android unataka sehemu ya kugusa isipungue dp 48 kwa 48, ambazo ni kama milimita tisa, yaani upana ambao kidole kinaweza kulenga bila kukosea jirani. Kwa hiyo vitano vinakaa vizuri. Ukisema uweke saba, kila kimoja kinabaki na dp 51. Kidole bado kingepata pa kugusa, lakini jina halipati pa kuandikwa, na aikoni bila jina ni kitendawili. Nani anajua kama kikaratasi chenye mistari ni matokeo, ratiba au barua?

Na kwenye majina ndipo Kiswahili kinatupa kazi, na pia nafuu. Herufi za mkanda kwa kawaida ni za ukubwa wa 12, na kila herufi inakula kama dp 6.5. Ukiacha nafasi kidogo pembeni, kwenye dp 72 zinaingia herufi tisa tu. "Usajili wa Kozi" haiingii. "Matokeo ya Mitihani" ndiyo usiseme. Wengi wakifika hapo hukata tamaa wanasema Kiswahili ni kirefu. Si kweli. Kirefu ni vile vifungu vya "ya" na "wa" tunavyovitafsiri kutoka kwenye menyu za Kiingereza. Neno moja la Kiswahili mara nyingi linatosha: Ratiba, Malipo, Masomo, Matokeo, Zaidi. Yote hayazidi herufi saba.

Kuna mtego mmoja hapa ambao usipoujaribu hutaujua. Watu wengi, hasa wazazi na wenzetu wenye macho dhaifu, wameongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu. Ukiongeza kwa 30%, zile herufi tisa zinakuwa saba. "Nyumbani" ina herufi nane. Kwa hiyo inakatwa, na kwenye kioo inasomeka "Nyumba" na vidoti vyake, na mwanafunzi mgeni anadhani hapo ndipo pa kutafutia hosteli. Kwa hiyo mimi niliacha "Nyumbani" nikaweka "Leo". Mkanda wangu ukawa: Leo, Masomo, Matokeo, Malipo, Zaidi. Hata maandishi yakiwa makubwa, hakuna linalokatwa.

Sasa swali gumu: usajili uko wapi hapo? Nilipoonyesha karatasi yangu kwa rafiki yangu anayesoma Iringa, tuliyekuwa naye fildi, hilo ndilo alilolidaka mara moja. "Kaka, umeandika makala nzima kutetea usajili, halafu kwenye mkanda wako haupo!"

Alikuwa na haki. Kanuni ya kawaida inasema vitu vinavyotumika mara nyingi ndivyo viende chini. Ratiba tunaiangalia kila siku, usajili tunafanya mara mbili kwa mwaka. Ukifuata idadi ya matumizi peke yake, usajili unarudi kulekule kwenye droo, na wanafunzi wanarudi kulekule steshenari. Lakini ukiupa kitufe cha kudumu, miezi kumi kati ya kumi na miwili kitufe hicho kitakuwa kimekaa bure, na kitu kinachokaa bure mbele ya macho huzoeleka mpaka hakionekani tena.

Jibu nililofikia ni kwamba kitu cha msimu hakitakiwi kuwa kitufe, kinatakiwa kuja chenyewe kwa mtu wakati wake ukifika. Usajili nyumbani kwake ni ndani ya Masomo. Lakini dirisha la usajili likifunguka, ukurasa wa Leo, ambao ndio unaofunguka kwanza, unabeba kadi moja kubwa juu kabisa: "Usajili unafungwa Ijumaa saa 10 jioni. Umesajili kozi 0 kati ya 6." Chini yake kitufe kimoja: Sajili sasa. Na kwenye kitufe cha Masomo kinakaa kidoti chekundu mpaka sifuri ile iwe sita. Ukimaliza kusajili, kadi inaondoka. Picha ya mahafali itafutiwe pa kwenda.

Rafiki yangu hakunyamaza hapo, na hoja zake nyingine zinastahili kusikilizwa. Alisema mkanda unakula kioo. Ni kweli. Kwenye mwongozo wa Android ulipoanzishwa ulikuwa na kimo cha dp 56. Kwenye simu yenye kimo cha dp 640 hiyo ni karibu 9% ya kioo, na ukilaza simu inakuwa zaidi ya 15%. Kwa anayesoma noti ndefu ni hasara. Dawa yake ni kuuacha mkanda ujifiche mtu anaposhuka kusoma na urudi anapopandisha kidogo tu. Hata hivyo, mimi nisingefanya hivyo kwenye mfumo wa chuo, kwa sababu huko hatuendi kusoma riwaya. Tunaenda kuangalia kitu na kutoka.

Alisema pia kwamba droo ina mahali pake. Nakubaliana naye kabisa. Programu ya barua pepe yenye mafaili ishirini uliyoyaunda mwenyewe huwezi kuyaweka kwenye vitufe vitano, na Gmail mpaka leo ina droo kwa ajili hiyo. Mafaili yale yana hadhi sawa, na mwenyewe anayajua majina yake. Kwenye mchoro wangu, nywila, picha, barua na maombi ya kitambulisho vyote vimeingia ndani ya Zaidi, ambayo kwa kweli ni droo iliyovaa jina. Tofauti ni kwamba imebaki na vitu ambavyo mtu huviendea akivijua, tena mara chache. Droo si adui. Kosa ni kuigeuza stoo ya kila kitu.

Kitu kimoja nilimshinda, nacho ni kitufe cha kurudi nyuma. Mifumo mingi ya vyuo haiko kama programu, ni kurasa za kivinjari. Ukifungua droo halafu ukaghairi, kwa mazoea unarudi nyuma, ukitarajia droo ijifunge. Kama mjenzi hakushughulikia hilo, hurudishwi kwenye ukurasa uliokuwapo bali ule wa kabla yake, na mara nyingine unajikuta kwenye ukurasa wa kuingia, andika nywila upya. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 hali imekuwa mbaya zaidi: kuvuta kidole kutoka ukingoni mwa kioo ni ishara ya kurudi nyuma, na kuvuta kutoka ukingo wa kushoto ndiyo ishara ileile ya zamani ya kufungua droo. Unataka menyu, simu inakutoa. Na kwa wenzetu wanaobana bando kwa Opera Mini iliyowekwa kwenye kiwango cha juu cha kubana data, hati za ukurasa huendeshwa kwenye seva za mbali. Droo inayotegemea hati hizo ama inasubiri mtandao uende na kurudi ndipo ifunguke, ama haifunguki kabisa. Viungo vitano vya kawaida, hata visipoweza kuganda chini ya kioo, bado vitaonekana mwisho wa ukurasa na vitafanya kazi.

Na kama kuna anayedhani haya ni mambo ya kizungu, apige *150*00#. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mpaka leo bibi yangu kijijini anaitumia kwenye kitochi bila kumwita mtu. Ujumbe mmoja wa menyu ile hauwezi kuzidi herufi 182, kwa hiyo waliotengeneza walilazimika kuchagua. Kutuma pesa ikawa ya kwanza, kwa sababu ndilo jambo ambalo wengi wanalifuata. Hakuna pa kuficha, hakuna vimistari. Bibi hajui neno "usanifu", lakini anajua moja ni kutuma na nne ni kulipa. Uhaba wa nafasi uliwafundisha wale wahandisi kile ambacho wingi wa nafasi unatufanya sisi tusahau.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi mradi wako wa mwaka wa mwisho, fanya jaribio hili, halina gharama. Mpe simu mtu wa kitivo kingine, ambaye hajawahi kuona kazi yako. Mwambie jambo la kufanya bila kutaja jina la kitufe. Usimwambie "fungua Usajili", mwambie "hakikisha utafanya mtihani muhula huu". Kisha nyamaza. Usimsaidie hata akikuangalia kwa huruma. Tazama kidole chake kinakwenda wapi kwanza na kinasita wapi. Akishuka ukurasa mpaka chini, akapanda, akashuka tena, ujue anatafuta kitu ulichokificha. Akikupa simu akisema "sioni", usimfundishe. Rudi kwenye karatasi.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: kila mwaka mnapeleka menejimenti madai ya maji, hosteli na bumu. Ongezeni moja lisilohitaji bajeti ya ujenzi. Wiki ya usajili, neno "usajili" na tarehe ya kufungwa vikae kwenye ukurasa wa kwanza wa mfumo, vionekane bila kugusa chochote. Jamaa yangu alisajiliwa saa tisa na nusu, nusu saa kabla dirisha halijafungwa. Wale saba waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni, sijui kama wote walifikiwa.